Barua kwa mteja mwenye kinu: tunachohitaji kujua kabla ya kuagiza picha

Lubumbashi

Mama,

Umetukabidhi kazi ya kutangaza unga wako wa mahindi. Umeomba vitu vitatu: bango la barabarani, picha ya kuweka kwenye hali ya WhatsApp, na kipeperushi cha kugawa katika soko la Kenya na la Katuba. Umesema pia kwamba ungependa picha zitengenezwe kwa akili mnemba, kwa sababu kumkodi mpiga picha, mpishi na waigizaji kunagharimu. Tunakubali. Lakini kabla hatujaandika neno hata moja la agizo kwenye mtambo wa picha, tunahitaji majibu kutoka kwako, na barua hii inakueleza ni majibu gani na kila moja linafanya kazi gani.

Zamani katika mji huu, mtu aliyetaka picha ya kutundika sebuleni alikwenda kwa mchoraji akataja jina tu: mamba muntu, au Kolonia ya Ubelgiji, au Lumumba. Hakuhitaji kueleza zaidi. Mchoraji na mnunuzi walikuwa na kumbukumbu moja, na ndivyo walivyoishi wachoraji wa Katanga wa miaka ya 1970, akina Tshibumba Kanda Matulu. Mtambo wa picha hauna kumbukumbu hiyo. Umejifunza kutoka mamilioni ya picha zenye maelezo yaliyoandikwa zaidi kwa Kiingereza, na kati ya hizo za jikoni mwa Lubumbashi ni chache mno. Usipouambia jambo, hauulizi. Unajaza pengo kwa kile ulichokiona mara nyingi zaidi. Uambie ukuchoree mama wa Kiafrika anayepika, naye atatokea mbele ya kibanda cha nyasi, shanga shingoni, jua linazama nyuma ya mgunga. Mteja wako wa Ruashi anayeishi katika nyumba ya matofali yenye paa la bati atatazama picha hiyo na kujua mara moja kwamba haimhusu.

Kwa hiyo tuanze na mahali picha itakapokaa, ingawa wateja wengi hupenda kuanza na rangi. Mahali ndipo panapoamua umbo, na umbo huamuliwa mwanzoni kabisa.

Mtambo tunaoutumia hutoa picha za maumbo matatu: mraba wa pikseli `1024 x 1024`, uliolala wa `1536 x 1024`, na uliosimama wa `1024 x 1536`. Picha ikishatoka mraba, huwezi kuigeuza kuwa bango bila kuikata. Kwa bango la mita 4 kwa 3 utapoteza robo ya urefu wake, na robo hiyo mara nyingi ni kichwa cha mtu au sahani ya chakula. Kwa hali ya WhatsApp, ambayo husimama kwa uwiano wa `9:16`, mraba huo huo utapoteza karibu nusu ya upana. Kuna njia ya kuuomba mtambo upanue picha pembeni, lakini hapo unabuni upya: mkono unaongezeka, sufuria inapata mpini wa pili, ukuta unabadilika rangi. Ni afadhali tuagize picha tatu kwa maumbo matatu, zikiwa na mama yule yule na meza ile ile, kuliko kunyoosha moja ikae kila mahali. Na mitambo mingine hupokea uwiano ndani ya agizo lenyewe, kwa mfano `--ar 4:3`, lakini bado lazima mtu aujue uwiano huo kabla ya kuuandika.

Bango ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, kwa hiyo ruhusu nilielezee kwa urefu. Umetuambia kwamba litakuwa kwenye njia ya Kasumbalesa. Tunahitaji kujua vipimo vyake halisi, kwa sentimita, kutoka kwa mwenye fremu, wala si kwa kukisia. Mabango mengi ni mita 4 kwa 3, lakini kuna fremu zilizojengwa kwa vipimo vingine, na tofauti ya sentimita 20 inatosha kukata jina lako. Uliza pia ukingo wa fremu unafunika kiasi gani cha turubai. Kisha simama pale dereva anapoanza kuliona, upige picha kwa simu, halafu songa mbele upige nyingine. Picha hizo mbili zinatueleza mambo ambayo mteja hawezi kuyakumbuka akiwa ofisini: kama nyuma ya bango kuna miembe, kwa sababu picha yenye kijani kingi itapotelea humo, kama kuna nguzo ya umeme inayofunika kona, kama jua la alasiri linapiga uso wa bango au mgongo wake.

Umbali nao una hesabu yake. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linapita mita 11 kila sekunde. Dereva akianza kuliona bango kutoka mita 60, ana sekunde tano hivi. Watengeneza mabango wana kanuni ya zamani kwamba herufi husomeka bila taabu ikiwa na urefu wa sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Kwa mita 60 hiyo ni sentimita 50. Mistari miwili ya herufi kama hizo, pamoja na nafasi kati yake, inakaribia nusu ya urefu wa bango lako. Hapo unaona kwa nini hatuwezi kuagiza picha iliyojaa kila kona, halafu tukaanza kutafuta pa kuandika. Ni lazima agizo liseme tangu mwanzo kwamba upande wa kushoto, theluthi moja ya upana au zaidi kidogo, uwe ukuta mtupu wa rangi moja. Na ili tujue theluthi inatosha, ni lazima utupe maneno kamili yatakayoandikwa. Si wazo la maneno. Maneno yenyewe, yakiwa na herufi zote.

Ukubwa wa pikseli ni jambo jingine. Picha iliyolala ikikatwa kwa uwiano wa `4:3` inabaki na pikseli 1365 kwa upana. Zitandaze juu ya mita 4, na kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 3 hivi. Kwa macho ya dereva aliye mbali inavumilika, lakini mama anayesubiri basi chini ya bango ataona vijiraba. Ndiyo maana tunaikuza mara nne kwa programu ya kukuzia, na pikseli inashuka chini ya milimita moja. Ukuzaji huo una mpaka wake: programu haijui kilichokuwepo, inakisia. Ukuta na moshi hukuzwa vizuri. Uso wa mtu unaweza kupata ngozi ya plastiki, na maandishi kwenye mfuko yanageuka kuwa michoro isiyosomeka. Kabla ya kupeleka faili kwa wachapaji tutakata kipande cha ukubwa wa karatasi ya A4, tukichape kwa kipimo halisi cha bango, tukibandike ukutani na kukitazama kutoka hatua tano, kisha kutoka ng'ambo ya barabara. Njoo ukitazame pamoja nasi.

Hali ya WhatsApp ni rahisi zaidi. Picha yake ni `1080 x 1920`, na sehemu ya juu hufunikwa na jina na picha ya aliyeiweka, ya chini na nafasi ya kujibu. Tunaacha pikseli 250 juu na 340 chini bila maneno wala nembo. Kipeperushi cha A5 ni milimita 148 kwa 210, nasi tunaongeza milimita 3 kila upande ili kisu cha mchapaji kisiache mstari mweupe. Kwa uchapaji safi hiyo ni takribani pikseli 1819 kwa 2551, maana yake picha iliyosimama ikikuzwa mara mbili inatosha. Tuambie tu kama kipeperushi kitachapwa pande mbili, na kama mchapaji wako ana karatasi inayong'aa au ya kawaida, kwa sababu karatasi ya kawaida hunywa wino na picha yenye giza huzidi kuwa nyeusi.

Sasa chapa yako. Tunahitaji faili ya nembo, na tafadhali isiwe ile inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kila inapotumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na inafika kwetu ikiwa na kingo zenye ukungu na mraba mweupe nyuma yake. Mwombe aliyekuchorea nembo akupe `SVG` au `PDF` ya mistari, ambayo hukuzwa kwa ukubwa wowote bila kuharibika, na uitume kama waraka. Ikiwa mchoraji huyo hapatikani tena, tuambie mapema. Kuichora upya nembo yako kwa mistari safi ni kazi ya siku moja au mbili na ina bei yake.

Nembo hiyo haitaingia kwenye mtambo. Tunaibandika wenyewe mwishoni, na vivyo hivyo jina la unga, bei, namba ya simu na namba ya malipo. Mitambo ya picha imeboreka katika kuandika, lakini bado hukosea herufi, hasa kwa maneno isiyoyajua, na tarakimu moja ikikosewa katika namba ya simu, wanunuzi wako watampigia mtu mwingine. Bei ina sababu ya ziada. Wewe unajua kuliko sisi jinsi bei ya unga inavyopanda na kushuka kufuatana na mahindi yanayovuka mpaka kutoka Zambia. Ikiandikwa juu kwa mkono wetu, tunaibadilisha kwa dakika chache. Ikiwa imezama ndani ya picha, tunaanza upya.

Mfuko wenyewe pia hatuuagizi kwenye mtambo. Utatuletea mfuko mmoja mtupu wa kilo 25 na mwingine uliojaa, tutaupiga picha kwa kamera nzuri, katika mwanga unaotoka upande ule ule kama wa picha iliyoagizwa, kisha tutauweka ndani yake. Mnunuzi anatafuta sokoni kile alichokiona barabarani. Ukimwonyesha mfuko uliobuniwa, wenye mstari wa kijani pale ambapo wako una mwekundu, umemtuma achukue unga wa jirani.

Mfuko huo unatusaidia pia katika rangi. Kama unayo namba ya rangi yako, kwa mfano `#C8102E` kwa nyekundu, tupe. Usitegemee kwamba mtambo utaifuata barabara. Huikaribia tu, mara ikiwa ya matofali, mara ya nyanya. Kwa hiyo rangi kamili ya chapa tunaiweka katika utepe na maandishi tunayobandika wenyewe, na ndani ya picha tunaomba rangi zisizoshindana nayo. Ikiwa chapa yako ni nyekundu, kikwembe cha mama kisiwe chekundu.

Tumefika kwa mnunuzi, na hapa ndipo majibu ya wateja wetu huwa mafupi kupita kiasi. "Watu wote wanakula bukari" ni kweli, lakini haitusaidii kuandika agizo. Una wanunuzi wa aina mbili walau. Kuna mama anayenunua kwa meka sokoni, kila siku au kila baada ya siku mbili, kadiri pesa zinavyoingia. Kuna mwenye duka anayechukua mifuko kumi na kuiuza tena. Wa kwanza anataka kujua bukari itakavyotoka: nyeupe, laini, isiyo na mabonge. Wa pili anataka kuona mifuko iliyopangwa, mizito, iliyoshonwa vizuri, na faida. Picha moja haiwezi kusema na wote wawili. Ushauri wetu ni kwamba bango na hali ya WhatsApp viseme na mama, na kipeperushi kiwe cha wenye maduka upande mmoja.

Ukishamchagua, mweleze kwa yale yanayoonekana kwa macho. Ana umri gani? Anapika wapi: nje, juu ya mbabula ya makala, au ndani, kwenye jiko la umeme? Kikwembe chake ni cha kila siku au cha Jumapili? Nywele zimesukwa au zimefungwa kitambaa? Wanaokula naye ni wangapi, na wanakula sahani moja au kila mtu na yake? Chakula kingine mezani ni sombe, samaki, au maharagwe? Tunauliza sombe kwa makusudi. Mtambo huenda usitambue neno bukari wala sombe. Ukiyaandika hivyo hivyo unaweza kuleta wali, au viazi vilivyopondwa, na mboga zinazofanana na saladi. Sisi tutaandika kwamba ni donge jeupe, zito, lenye umbo la kuba na uso laini uliolowa, juu ya sahani ya bati, na pembeni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa hadi yakawa kijani cheusi. Wewe ndiye unayejua donge hilo linakuwa kubwa kiasi gani nyumbani kwa wanunuzi wako, na kama unga wako hutoa bukari nyeupe kabisa au yenye umanjano kidogo. Tuletee picha ya simu ya bukari iliyopikwa kwa unga wako. Picha tutakayoitoa haitaipita kwa weupe, maana mama akidanganywa mara moja kwenye sahani yake hatarudi.

Kuna mambo hatutayaagiza hata ukiyaomba. Hatutaweka sura ya mchezaji wa TP Mazembe, wala mwanamuziki, wala nembo ya timu, bila ruhusa yao ya maandishi. Hatutaandika jina la mtu halisi kwenye agizo ili mtambo utoe anayefanana naye. Kikwembe tutakitazama kwa makini kisije kikafanana na kitambaa cha chama cha siasa au cha kanisa fulani. Nawe tuambie yale usiyoyataka: kama hutaki mtoto karibu na moto, kama hutaki mikono iliyo ndani ya sahani, kama hutaki jina la mji wowote lionekane. Orodha ya yasiyotakiwa inatuokoa majaribio mengi.

Ukituletea majibu hayo, agizo la bango lako litasomeka hivi, kabla hatujaliandika kwa lugha ambayo mtambo unaielewa vizuri zaidi: picha iliyolala, ya uhalisia wa kamera, mwanga wa asubuhi kutoka kulia; mwanamke Mkongo wa miaka 40 hivi, nywele zimefungwa kitambaa cha buluu, kikwembe cha buluu na nyeupe chenye maua madogo, amesimama katika ua wa nyumba ya matofali mekundu yenye paa la bati; mbele yake mbabula ya makala na sufuria ya alumini, mkononi mwiko wa mbao, anageuza donge zito jeupe lenye mvuke; anatazama sufuria, anatabasamu kidogo; theluthi ya kushoto ni ukuta mtupu wa rangi ya krimu; mbele kulia kuna nafasi wazi ya kuweka mfuko; hakuna maandishi, hakuna nembo, hakuna rangi nyekundu katika mavazi, hakuna nyasi wala wanyama.

Soma tena, uone ni sehemu gani tungeweza kuiandika bila wewe. Kimsingi ni mwanga tu.

Tutakapokutumia picha za kwanza, zipitie kwa mpangilio huu. Anza na mikono: hesabu vidole, na uone kama mwiko umeshikwa au unaelea. Angalia mvuke unatoka kwenye chakula, si kando yake. Tazama mbabula, kwa sababu mtambo hupenda kuweka jiko la mawe matatu badala yake. Kisha mpe picha hiyo mama mmoja anayenunua kwa meka, usimweleze chochote, umuulize mama huyu wa kwenye picha anaishi wapi. Akitaja mtaa wa Lubumbashi, tunaendelea. Akitaja nchi nyingine, turudishie pamoja na neno alilosema, nasi tutarekebisha agizo badala ya kupaka rangi juu ya kosa.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Chagua mtu mmoja nyumbani au kinuni mwako atakayetoa jibu la mwisho. Watu watatu wakituma masahihisho matatu kwenye simu, kila moja linageuza agizo upande wake, na picha ya nne haitamridhisha hata mmoja.

Tunasubiri kutoka kwako vipimo vya fremu, picha mbili za njiani, faili ya nembo, maneno kamili, mifuko miwili, picha ya bukari na maelezo ya mama uliyemchagua. Vikifika vyote, utapata picha za kwanza ndani ya siku tatu. Kikikosekana cha kwanza, yaani vipimo vya fremu, hatutaanza kabisa, kwa hiyo tafadhali mpigie mwenye fremu leo.

Wako katika kazi,
Ofisi ya matangazo